Herufi za ajabu katikati ya vipimo vya joto: jinsi ya kusoma skrinshoti ya bodi ya NodeMCU

*Shikamoo fundi. Niko Uyole, Mbeya, nina banda dogo la vifaranga wa wiki ya pili. Nimefunga NodeMCU ESP8266 na sensa ya DHT22, rilei inawasha taa ya joto likishuka chini ya 30 na kuizima likifika 32. Vipimo vinaenda kwenye simu kwa waifai. Bodi inakula umeme wa laptopu kwa waya wa USB wa mita tatu kupitia dirishani, na rilei inachukua umeme kwenye mguu wa VIN wa bodi. Kasi nimeweka 115200 pande zote mbili. Mara kwa mara rilei inalia tik tik mara mbili tatu kabla taa haijawaka, na kwenye kioo napata kitu hiki. Rafiki yangu anasema sensa imekufa. Ni kweli?*

```
sek 412  joto 30.4Â°C  unyevu 61.0  taa 0
sek 414  joto 30.2Â°C  unyevu 61.3  taa 0
sek 416  joto 29.9Â°C  unyrl|lœÇ|b|‚lŽbìòrœbnnlœãNimewaka
sek 1  joto nanÂ°C  unyevu nan  taa 0
sek 3  joto 29.9Â°Crl|lœÇ|b|‚lŽbìòrœbnnlœãNimewaka
sek 1  joto nanÂ°C  unyevu nan  taa 0
sek 3  joto 29.8Â°C  unyevu 61.9  taa 1
sek 5  joto 30.0Â°C  unyevu 61.8  taa 1
```

Marahaba, kijana wangu. Sensa yako ni nzima, usinunue nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kutupa DHT22 mbili kwa sababu ya hilo neno `nan`, yaani "si namba", na ya tatu nayo ikasema `nan` vilevile. Ndipo nilipojifunza kuisoma picha ya namna hii kuanzia juu kwenda chini, kama mtu anayefuata nyayo, badala ya kurukia neno la kwanza linalotisha.

Anza na namba za mkono wa kushoto. 412, 414, 416, halafu ghafla 1. Hizo ni sekunde tangu bodi iwake, na zimerudi mwanzo. Kwa hiyo bodi ilizimika na kuwaka upya, na kwenye picha moja imefanya hivyo mara mbili. Tatizo lako lote ni hilo. Herufi za ajabu ni alama tu ya mahali ilipotokea, na `nan` ni matokeo yake. Umefanya jambo la maana sana kuandika sekunde kwenye kila mstari. Bila hizo tungebaki tunabishana kuhusu sensa.

Sasa tuzitenganishe takataka zenyewe, maana ziko za aina mbili na hazina undugu wowote.

Ile `Â` inayotangulia alama ya nyuzi haina madhara. Programu yako inaituma alama ya nyuzi kwa mtindo wa UTF-8, ambamo hiyo alama moja ni baiti mbili, C2 na B0. Programu unayotumia kusomea kwenye laptopu inadhani kila baiti ni herufi inayojitegemea, hivyo C2 inaionyesha kama `Â` na B0 kama `°`. Ndiyo maana imejirudia vilevile kila mstari bila kukosa. Ukitaka iondoke, badili mpangilio wa programu hiyo usome UTF-8, au andika `C` peke yake. Tuiache hapo.

Takataka ya pili ndiyo yenye habari. Itazame inapoanzia na inapoishia: imeanza katikati ya neno "unyevu" na imeishia kwenye "Nimewaka", neno ambalo programu yako huliandika mara tu inapoanza. Mistari iliyo juu yake na chini yake inasomeka vizuri kabisa. Hapo tayari tumejua mambo mawili. Kasi ya mawasiliano uliyoweka si mbaya, kwa sababu ingekuwa mbaya kusingekuwa na mstari hata mmoja unaosomeka. Na waya wa mawasiliano hauchafuliwi na kelele za umeme, kwa sababu kelele huharibu herufi moja hapa na moja pale, bila mpangilio, na zingekuandikia "j%to" badala ya "joto" hata kwenye mistari ya kawaida. Takataka yako ni kipande kimoja kizima, tena mara zote mbili kimefanana. Kitu kinachofanana namna hiyo ni ujumbe halali uliosomwa kwa kasi isiyo yake.

Ni ujumbe wa nani? Ni wa chipu yenyewe. Ndani ya ESP8266 kuna programu ndogo iliyochomwa kiwandani, huwezi kuifuta wala kuibadili, na kila chipu inapoamka hiyo ndiyo inayotangulia kusema kabla ya programu yako. Iliandikwa kwa hesabu ya kristali ya megahezi 40, ile inayoipigia chipu saa yake, na ilikusudia kusema kwa kasi ya 115200. Bodi hizi tunazonunua zina kristali ya megahezi 26. Saa ikipungua, na maneno yanapungua mwendo: 115200 mara 26 gawanya kwa 40 unapata 74880. Namba hiyo ngeni ndiyo kasi ambayo chipu inajitambulisha nayo, kisha programu yako inashika usukani na kuendelea kwa 115200.

Mawasiliano haya hayana waya wa saa. Bodi ina saa yake, laptopu ina saa yake, na wanategemea tu makubaliano. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mwendo ukiwa mmoja michi inapishana vizuri, mmoja akipunguza mwendo bila kumwambia mwenzake, michi inagongana. Hapa chipu inashikilia kila biti kwa karibu mara moja na nusu ya muda ambao laptopu inautarajia, hivyo laptopu inahesabu biti moja kama mbili, inakata herufi mahali pasipo pake, na kukuandikia `rl|lœ`.

Basi tuusome ujumbe huo. Badili kasi kwenye programu yako iwe ileile ya chipu, halafu weka hiyohiyo upande wa laptopu. Kwa njia hiyo maneno ya chipu na maneno yako yote yatasomeka kwenye kioo kimoja:

```
Serial.begin(74880);
delay(200);
Serial.println();
Serial.println(ESP.getResetReason());
```

Kwenye Arduino IDE, kasi ya 74880 imo kwenye orodha ya `Serial Monitor`. Ukisubiri mpaka rilei ilie tena, pale palipokuwa na takataka utakuta mstari wa namna hii:

```
 ets Jan  8 2013,rst cause:1, boot mode:(3,6)
```

Usishtuke kuona Januari 2013. Ni tarehe iliyoandikwa ndani ya ile programu ya kiwandani, haina uhusiano na saa ya bodi yako. Kwenye `boot mode`, namba ya kwanza ikiwa 3 maana yake chipu imeamka kawaida na kusoma programu yako kutoka kwenye kumbukumbu. Ingekuwa 1, bodi ingekaa kimya ikisubiri kupakiwa programu mpya, na kwa kawaida hiyo hutokea mguu wa GPIO0 ukivutwa chini wakati wa kuwaka.

Kinachotuhusu hasa ni `rst cause`. Ukikuta 1, chipu inasema imepata umeme upya. Ukikuta 2, mguu wa RST umevutwa chini, na umeme ukiyumba nao unaweza kukupa 2. Namba zote mbili zinakupeleka kwenye waya na chanzo cha umeme. Ukikuta 4 ni habari nyingine: ndani ya chipu kuna saa ya ulinzi inayoiwasha upya programu ikikwama mahali pamoja, na hapo kosa litakuwa kwenye msimbo wako. Mstari wa `ESP.getResetReason()` unasema jambo hilohilo kwa maneno, mathalani `Power On` au `Hardware Watchdog`, kwa hiyo unakuwa na mashahidi wawili.

Mimi nabashiri utakuta 1 au 2, na sababu iko kwenye skrinshoti uliyokwisha kunitumia. Angalia kwa makini mstari wa 416. Umekatika kwenye "uny". Kwa 115200, herufi moja inachukua takriban 0.087 ya milisekunde kupita kwenye waya. Ukihesabu baiti tangu mwanzo wa mstari mpaka "uny", pamoja na nafasi na ile alama ya nyuzi yenye baiti mbili, unapata 26. Yaani bodi iliishi kama milisekunde 2.3 tu baada ya kuanza kuandika mstari huo. Mstari wa pili uliokatika una baiti 19, sawa na milisekunde 1.6 hivi.

Kwenye programu ya kawaida ya namna hii, amri ya kuandika mstari hutangulia na amri ya kuwasha rilei hufuata mara moja. Bodi haisubiri maneno yamalize kutoka. Inayatumbukiza kwenye ghala dogo la baiti 128 na kuendelea na kazi nyingine, na maneno yanatoka yenyewe taratibu. Kwa hiyo wakati laptopu inapokea "sek 416", koili ya rilei, ile sumaku inayovuta midomo ya kuwashia taa, imeshaanza kuvuta umeme. Rilei ndogo za volti 5 zenye kasha la bluu zinaweza kuchukua hadi milisekunde 10 kufunga midomo yake. Bodi yako ilikufa kwenye milisekunde ya pili, midomo ikiwa bado wazi. Taa ilikuwa haijapata hata chembe ya umeme, kwa hiyo si taa inayoiua bodi. Ni koili. Hata sauti uliyosikia inalingana na hilo: rilei inaanza kuvuta, bodi inakufa, rilei inaachia, bila taa kuwaka.

Kipimo hicho cha milisekunde usikishike kama cha maabara. Chipu ya USB iliyo kwenye bodi nayo inaweza kupoteza herufi mbili tatu wakati wa mtikisiko. Lakini tofauti kati ya 2 na 10 ni kubwa vya kutosha, na mistari yote miwili imekatika mapema.

Sasa kwa nini koili ndogo inaiangusha bodi? Koili yenyewe inakula takriban miliampia 70, si nyingi. Tatizo ni kwamba ESP8266 inapotuma kwa waifai inavuta mikupuo mifupi inayoweza kufika miliampia 300 na zaidi. Mikupuo hiyo ni ya muda mfupi sana. Ikikutana na koili ndipo jumla inafika kama nusu ampia hivi kasoro kidogo. Isipokutana, mambo yanapita salama. Ndiyo sababu mara ya tatu taa yako iliwaka bila shida.

Fuata njia ya umeme. Waya wa mita tatu una nyuzi mbili za umeme, wa kwenda na wa kurudi, kwa hiyo umeme unasafiri mita sita. Waya mwembamba wa bei ya chini una ukinzani wa karibu ohm 1.3 kwa urefu huo. Ampia 0.4 zikipita humo, nusu volti inabaki njiani. Laptopu imetoa 5, bodi inapokea 4.5. Kwenye bodi nyingi umeme unapita daiodi inayokula kama 0.3, inabaki 4.2. Halafu inakuja ile AMS1117 inayotengeneza 3.3, nayo inataka iwe na volti 1.1 hivi juu ya kile inachotoa, kwa hiyo haiwezi tena kufika 3.3. Itatoa kama 3.1. Na hapo nimekadiria laptopu inatoa 5 kamili. Ikitoa 4.75, jambo ambalo ni la kawaida, chipu inaambulia 2.85, na chini ya 3 huwezi kuitegemea itulie.

Ungependa kuipima hiyo kwa testa, najua. Testa ya kawaida haitakuonyesha. Inachukua wastani wa muda mrefu, na mporomoko huu unapita kabla namba haijabadilika. Utaona 4.8 imetulia na utasema umeme ni mzuri. Njia ya uhakika kwa mtu asiye na osiloskopu ni kuondoa kitu kimoja kwa wakati na kuacha kioo kikuambie.

Chomoa kwanza plagi ya taa kwenye soketi ya ukutani kabisa, maana ule ni umeme wa volti 230 na hatutaki vidole karibu yake. Acha rilei ifanye kazi bila taa. Ili usisubiri baridi ya Uyole ikufanyie kazi, andika programu fupi inayowasha na kuzima rilei kila sekunde tano na kuandika sekunde zake, waifai ikiwa imeunganishwa na inatuma. Iache kwa dakika kumi na uhesabu sekunde zimerudi mwanzo mara ngapi. Kisha weka mstari huu mwanzoni, ondoa sehemu ya kuunganisha na kutuma, na urudie dakika kumi nyingine:

```
WiFi.mode(WIFI_OFF);
```

Waifai ikizimwa na bodi ikaacha kujizima, umepata jibu. Rudisha waifai, badala yake weka waya mfupi na mnene wa USB, nusu mita hivi, laptopu ikiwa karibu. Ikitulia tena, ujue ni ule waya wa dirishani. Mambo yakitulia bila taa lakini yakaharibika mara tu unapoirudisha taa kwenye soketi, nitakuwa nimekosea kusoma. Itakuwa ni cheche za midomo ya rilei, na dawa yake ni kutenga waya wa 230 mbali na waya wa sensa na bodi. Sitarajii hivyo.

Tiba ninayoipenda kwa banda lako ni kuipa rilei umeme wake. Chukua chaja ya simu ya volti 5, ile ya ampia 1 inatosha, uipeleke moja kwa moja kwenye moduli ya rilei: chanya kwenye VCC, hasi kwenye GND, na hiyo GND uiunganishe pia na GND ya bodi, la sivyo rilei haitaelewa ishara ya bodi. Usiunganishe chanya ya chaja na VIN wakati laptopu nayo imechomekwa. Kama moduli yako ina vipini vilivyoandikwa `JD-VCC`, toa kile kidaraja kidogo cha plastiki, peleka chanya ya chaja kwenye `JD-VCC` na hasi yake kwenye GND, halafu VCC upeleke kwenye 3V3 ya bodi. Hapo koili na bodi havigombanii tena chanzo kimoja.

Kapasita ya mikrofaradi 470 ya volti 10 au 16, kati ya VIN na GND ya bodi, itasaidia kumeza ile mikupuo ya waifai. Mstari mweupe ubavuni mwake ni upande wa hasi, uende GND, ukigeuza inaweza kupasuka. Ila usiitegemee peke yake huku waya wa mita tatu umebaki. Kapasita inaziba pengo la muda mfupi tu, haiongezi umeme ambao waya umeshindwa kuuleta. Kwa matumizi ya kila siku, bodi iwe na chaja yake hapohapo bandani, na laptopu uichomeke tu unapotaka kusoma. Sokoni Mwanjelwa waya za USB zimejaa. Chagua mfupi, mnene, usiokuwa mwepesi mkononi.

Nirudi kwenye `nan`, kwa sababu kuna hatari imejificha humo. DHT22 inataka ipumzike kama sekunde moja baada ya kupata umeme kabla hujaiuliza, na sekunde mbili kati ya swali na swali. Bodi yako imewaka, imeiuliza kwenye sekunde ya 1, sensa haijatulia, ikajibu `nan`. Kwenye sekunde ya 3 imejibu 29.9 bila tatizo. Sensa iliyokufa haifufuki hivyo.

Lakini tazama programu imefanya nini na hiyo `nan`: imeandika `taa 0`. `nan` ukiilinganisha na 30, jibu la "je, iko chini?" ni hapana kila mara. Usiku mmoja waya wa sensa ukichomoka, programu yako itaona joto haliko chini ya 30, itaacha taa imezimwa, na vifaranga wataganda huku simu yako ikionyesha neno la herufi tatu. Weka hivi kabla ya kulinganisha chochote:

```
if (isnan(t)) {
  kosa++;
  if (kosa > 5) taaWasha();
  return;
}
kosa = 0;
```

Kuwasha taa sensa ikikosekana ni uamuzi wangu kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai. Mtu wa Kyela huko chini kwenye joto angeweza kuamua kinyume chake. Ukiwasha namna hiyo, taa ining'inie juu kiasi kwamba vifaranga wana nafasi ya kukimbilia pembeni wakizidiwa.

Fanya majaribio yale mawili ya dakika kumi. Ukikuta `rst cause:4` badala ya 1 au 2, acha waya zako kama zilivyo na unitumie sehemu ya programu inayotuma vipimo kwenye simu. Hapo ndipo ninaposhuku itakuwa inakwama ikisubiri jibu la waifai.